Fomu ya ridhaa ya dodoso la watoto: maswali ambayo wazazi wanatuuliza kila mara

Kila tukipeleka dodoso kwa watoto walio chini ya miaka 18 tunapigiwa simu na wazazi, na maswali ni yaleyale, kwa hiyo tumeyaweka hapa pamoja. Ili tusichanganyane tutatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho. Chukulia ni dodoso la watoto wa miaka 12 hadi 15, linajazwa darasani kwa dakika kama 35, linauliza kuhusu usingizi, uonevu shuleni, hisia na mambo ya nyumbani, halafu linarudiwa baada ya miezi 6 kwa watoto walewale. Ukiielewa fomu ya dodoso la namna hii, nyingine zote utazisoma bila shida, maana hili lina karibu kila kitu kinachowapa wazazi wasiwasi.

Shule imesharuhusu, sasa mimi mnaniuliza nini tena?

Ruhusa ya mkuu wa shule ni ruhusa ya watafiti kuingia darasani, basi, haiendi mbali zaidi ya hapo. Hata kamati ya maadili ya utafiti, ambayo inasoma maswali yote kabla hayajafika kwa mtoto yeyote, inachosema ni kwamba utafiti huu unaweza kufanyika bila kuwaumiza watu, haisemi kwamba mwanao atashiriki. Uamuzi wa mwanao kushiriki ni wako na wake. Kamati inaruhusu, shule inaruhusu, mzazi anaruhusu, mtoto naye anakubali, na mmoja wapo akisema hapana basi mtoto huyo hajazi dodoso. Hakuna anayeweza kuruka hatua ya mwenzake.

Fomu inasema "usiporudisha karatasi hii tutachukulia umekubali". Hii ni sawa?

Inategemea, na hapa tunaomba usome taratibu maana wazazi wengi wanapitwa hapahapa.

Kuna njia mbili za kuomba ridhaa. Ya kwanza ni ile ya kusaini kwamba umekubali, bila saini yako mtoto haguswi. Ya pili ni hiyo ya kwenye swali lako, ukinyamaza unahesabiwa umekubali na ukikataa ndio unarudisha karatasi. Watafiti wanaipenda hii ya pili kwa sababu inayoeleweka, fomu nyingi za kusaini hazirudi, na si kwamba wazazi wamekataa, ila zimebaki kwenye begi, zimelowa, mzazi yuko safarini, au hakupata muda wa kusoma. Na familia ambazo fomu zao hazirudi mara nyingi ndizo zenye mizigo mizito zaidi, kwa hiyo ukibaki na waliosaini tu unapata picha nzuri kuliko hali ilivyo kweli. Hoja hiyo ni ya kweli, hatuwezi kuipuuza.

Lakini ukimya wa mzazi una maana pale tu ambapo mzazi kapata taarifa. Kama karatasi ilipewa mtoto aipeleke nyumbani na hakuna aliyehakikisha imefika, basi mzazi aliyenyamaza hajakubali kitu, hana habari tu. Kwa maoni yetu dodoso linalouliza aina ya kifungua kinywa au mtoto anasoma saa ngapi linaweza kwenda kwa njia ya ukimya, ilimradi taarifa imetumwa zaidi ya mara moja na kwa njia zaidi ya moja, ujumbe wa simu na karatasi kwa mfano, na mzazi akapewa kama wiki mbili za kujibu. Ila dodoso linalouliza kupigwa, kujiumiza, dawa za kulevya au mambo ya mapenzi, hilo tunaona lahitaji saini. Kuna nchi ambazo sheria yenyewe inadai saini kwa mada hizo, kwa hiyo kama fomu ya mada nzito inategemea ukimya wako, uliza kamati gani ya maadili imeikubali njia hiyo na kwa nini. Swali hilo mtafiti anatakiwa awe na jibu lake tayari.

Nikisaini mimi si inatosha? Mtoto wa miaka 12 anajua nini?

Haitoshi, na mtoto wa miaka 12 anajua mengi sana kuhusu kile asichotaka kukisema.

Saini yako inafungua mlango, mtoto ndiye anayeamua kuingia. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unasema mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wanalitumia tangu 1964 na watafiti wengine wengi wameliazima, linataka ridhaa ya mlezi iende pamoja na kukubali kwa mwenyewe pale anapoweza kuamua, na akikataa aheshimiwe.

Kwenye karatasi hiyo ni rahisi, darasani ndio kazi. Mtoto yuko mbele ya mtu mzima mgeni, mwalimu wake kasimama mlangoni, wenzake wote wameshika kalamu, unamwambia "uko huru kukataa", atakataa vipi? Kwa hiyo usiangalie tu kama fomu inasema ni hiari, angalia imepanga mtoto akatae kwa njia gani. Mpango mzuri uko hivi: kila mtoto anapewa kijitabu na bahasha, anayekubali anajaza, asiyekubali anageuza kurasa mpaka za nyuma ambako kuna chemshabongo na michoro ya kupaka rangi, anafanya hiyo kwa dakika zilezile 35, mwisho wote wanafunga bahasha zao wenyewe na kuzitumbukiza kwenye sanduku moja. Ukikaa nyuma ya darasa huwezi kujua nani kajaza na nani hajajaza. Mwalimu anakuwa nje au anakaa mbele bila kupita kati ya madawati. Hata mtoto ambaye mzazi wake hakusaini anaweza kukaa darasani na kijitabu cha chemshabongo tupu, asitolewe nje kama aliyefanya kosa.

Ukiona fomu inasema "wasioshiriki watapelekwa darasa lingine na mwalimu wa zamu", waombe wabadilishe, maana hapo darasa zima litajua nani kakataa na watoto wataanza kuulizana kwa nini.

Na kuna kukataa kusikosemwa. Mtoto anasoma swali la kwanza kuhusu nyumbani, analiruka, analiruka la pili, anaweka kalamu chini anatazama dirishani. Msimamizi aliyefundishwa vizuri hamwendei kumwambia "maliza", anajua huo ni uamuzi. Uliza tu: mtoto akiruka maswali mnamfanyaje? Jibu sahihi ni kwamba hatumfanyi kitu, na kama dodoso liko kwenye tableti basi lazima liwe na kitufe cha "sipendi kujibu", kwa sababu kuna mengine yamesetiwa vibaya mpaka hayaendi mbele bila kujaza, na hapo hiari yote imekufa hata kama fomu imeandikwa kwa upole.

Jina halitaandikwa. Hiyo maana yake hatajulikana kabisa?

Hapana, na hii ndiyo sehemu ya fomu tunayotamani kila mzazi aisome mara mbili.

Kwanza tofautisha hali mbili. Kuna dodoso ambalo hakuna mtu yeyote, hata mtafiti, anayeweza kurudi kusema majibu haya ni ya fulani. Na kuna dodoso ambalo mtafiti anaweza, ila anaahidi kutosema. Mfano wetu ni wa aina ya pili, kwa sababu tunarudi baada ya miezi 6 na tunahitaji kuunganisha majibu ya mtoto ya mwanzo na ya pili. Ili uunganishe lazima kuwe na namba, na namba lazima iwe na listi sehemu. Kwa hiyo ukiona dodoso linalorudiwa kwa watoto walewale na fomu inasema "hakuna anayeweza kumjua mtoto wako", simama hapo uulize wanaunganishaje.

Wengine wanakwepa listi kwa kumfanya mtoto atengeneze namba mwenyewe, mfano herufi ya kwanza ya jina la mama, tarehe ya siku aliyozaliwa na herufi ya mwisho ya jina la ukoo. Ni njia nzuri ila ina kasoro mbili, rafiki yake wa karibu anaweza kuikisia, na raundi ya pili watoto kadhaa wanaandika tofauti kwa hiyo majibu yao yanapotea.

Hebu tuangalie maandishi yenyewe. Fomu nyingi zinaandika hivi:

"Taarifa zote zitakazokusanywa zitatunzwa kwa usiri mkubwa na zitatumika kwa madhumuni ya utafiti pekee."

Soma tena uniambie umejua nini. Haijasema nani anashika, wapi, mpaka lini, wala nani hatoona. Sasa linganisha na hii:

"Mwanao hataandika jina kwenye dodoso, ataandika namba tutakayompa. Listi inayoonyesha namba ipi ni ya nani anayo mtu mmoja tu kwenye timu yetu, imefungwa kwa paswedi na haikai pamoja na majibu. Tunaihitaji ili miezi 6 ijayo tumpe namba ileile. Raundi ya pili ikiisha tutaifuta listi hiyo ndani ya siku 30, na kuanzia hapo hata sisi hatutaweza kuonyesha majibu yapi ni yake. Walimu, mkuu wa shule na wewe mzazi hamtaona majibu yake. Kuna jambo moja tu linaloweza kutufanya tuvunje siri hii, limeelezwa hapa chini."

Hiyo ni ndefu kidogo lakini kila sentensi unaweza kuwabana nayo. Wakisema siku 30, siku ya 31 una haki ya kupiga simu.

Basi listi ikifutwa tumemaliza, si ndio?

Bado. Mtoto anaweza kujulikana bila jina na bila namba, kwa kujumlisha vitu vidogovidogo. Mtafiti mmoja wa Marekani, Latanya Sweeney, alionyesha mwaka 2000 kwamba tarehe kamili ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya eneo zilikuwa zinatosha kumtenga peke yake karibu asilimia 87 ya watu wa nchi ile. Vitu vitatu tu, na hakuna jina hata moja.

Sasa leta kwenye darasa letu. Lina watoto 38, wasichana ni 17, kati yao wenye miaka 15 ni watatu, na mmoja tu ndiye anaishi na bibi yake. Ripoti inatoka, kuna jedwali limegawanywa kwa jinsia, umri na mtoto anaishi na nani, na mstari mmoja unasema: wasichana, miaka 15, wanaoishi na ndugu wasio wazazi, idadi 1, waliowahi kupigwa nyumbani asilimia 100. Hakuna jina pale, lakini mwalimu wa darasa kamjua, na wenzake wakiiona ripoti wamemjua.

Ndiyo maana fomu nzuri inasema hatutachapisha jedwali lenye kundi dogo, na inataja namba, wengi wanaweka 5 au 10 kama kiwango cha chini. Kuficha namba moja peke yake pia hakusaidii kama jumla imeachwa, ukijua darasa ni 38 na mistari mingine inafika 37, mtu anatoa tu anapata iliyofichwa. Na kuna hatari nyingine ambayo hata watafiti wanaisahau, kundi linaweza kuwa na watoto 6 na wote wakawa wamejibu ndiyo, hapo huhitaji kujua yupi ni yupi, umeshajua siri ya wote sita. Dawa yake ni kuunganisha makundi, miaka 12 na 13 pamoja, 14 na 15 pamoja, na kutotoa matokeo kwa darasa moja bali kwa shule kadhaa kwa mkupuo.

Na kama dodoso linamuuliza mtoto tarehe kamili ya kuzaliwa wakati wanachohitaji ni umri tu, waulize tarehe ni ya nini. Mara nyingi utakuta iliwekwa kwa mazoea, wanaitoa bila ubishi.

Mtoto akiandika kwamba kuna mtu anamuumiza, au anataka kujiua, mtafanya nini?

Hili ndilo lile jambo moja. Hakuna mtafiti wa haki anayeweza kukuahidi siri isiyo na mwisho kwa mtoto, na sehemu nyingi sheria inamlazimisha kutoa taarifa. Kwa hiyo fomu lazima iseme, na mtoto pia aambiwe kwa lugha yake kabla hajashika kalamu, si baada ya kuandika. Mtoto akidhani ni siri kabisa halafu kesho anaitwa ofisini, umemuumiza mara ya pili, na kuna uwezekano hatomwambia mtu mzima yeyote tena.

Kwa mfano wetu aya hiyo inasomeka hivi:

"Mwanao akijibu kwamba anafikiria kujiua, au kwamba kuna mtu anamuumiza, mshauri wa timu yetu atasoma jibu hilo siku hiyohiyo na ataongea na mtoto faragha kabla ya jioni ya kesho yake. Mtoto ataambiwa kwanza ni nani mwingine atajulishwa. Mara nyingi atakuwa wewe. Kama anayemuumiza yuko nyumbani, taarifa itaenda kwa ofisi ya ustawi wa watoto na huenda usiwe wa kwanza kujua."

Tunajua sentensi ya mwisho inauma mzazi akiisoma. Tunaiacha hivyo hivyo, kwa sababu kuna mtoto mmoja kwenye darasa ambaye sentensi ile imeandikwa kwa ajili yake.

Angalia pia maneno "siku hiyohiyo". Kosa kubwa linalotokea kwenye madodoso ya karatasi ni kwamba vijitabu vinafungwa kwenye boksi, vinasafirishwa, vinakaa wiki tatu vikisubiri kuingizwa kwenye kompyuta, na anayeingiza data ni kijana aliyeajiriwa kuandika namba, hajui akikuta jibu la kutisha afanye nini. Kama timu inaweza kumjua mtoto, basi ina wajibu wa kusoma mapema. Kwa hiyo uliza maswali mawili, nani anasoma majibu ya hatari, na ndani ya muda gani. Wakisita hapo, usisaini kwanza.

Kama dodoso ni lile ambalo hata mtafiti hawezi kumjua mtoto, basi fomu iseme wazi kwamba hatutaweza kumfuata mtoto mmojammoja kwa alichoandika. Badala yake kila mtoto, wote bila kuchagua, anaondoka na kadi ndogo yenye namba za simu za msaada. Wote, kwa sababu ukimpa kadi mmoja tu umeshamtangaza.

Kumuuliza mtoto habari za kujiua si kumpa wazo?

Hofu hii tunaielewa kabisa na tunaisikia karibu kila mkutano. Imepimwa. Utafiti mmoja uliochapishwa 2005 uliwagawa kwa bahati nasibu wanafunzi zaidi ya 2,000 wa shule sita za sekondari huko New York, nusu wakaulizwa kuhusu kujiua na nusu hawakuulizwa, siku mbili baadaye wakaulizwa wote. Waliokuwa wameulizwa hawakuwa na mawazo ya kujiua zaidi ya wenzao wala hawakuwa na msongo zaidi, na wale waliokuwa tayari na huzuni kubwa walionekana hata kuwa afadhali kidogo. Kwa hiyo kuuliza hakupandi mbegu.

Hiyo haimaanishi swali lolote liulizwe vyovyote. Swali linalotaja njia za kujidhuru mojamoja halina kazi kwenye dodoso la darasani. Omba kuona maswali kabla ya kusaini, ni haki yako, na wakikuambia ni siri basi hawajakupa taarifa ya kutosha kukubali.

Naomba nione majibu ya mwanangu, mimi ni mzazi.

Hapana, na fomu lazima ikuambie hivyo kabla hujasaini ili usije kushangaa. Mtoto akijua mama au baba atasoma, ataandika kile mama au baba anataka kusoma, na hapo hakuna tulichojua. Unaruhusiwa kuona maswali yote na matokeo ya jumla. Majibu yake ni yake. Kama huwezi kukubaliana na hilo, kataa kabisa, ni bora kuliko kusaini halafu umkalishe mtoto chini jioni umuulize aliandika nini kwenye kila swali.

Lazima wazazi wote wawili tusaini? Na kama ninalea mtoto wa ndugu yangu?

Kwa dodoso lisilo na hatari kubwa kwa kawaida saini ya mzazi mmoja inatosha. Kama mmewahi kufika mahakamani kuhusu malezi, waambie. Mlezi asiye mzazi anaweza kusaini pale ambapo sheria ya mahali hapo inamtambua kama mlezi, na hilo linatofautiana, kwa hiyo wapigie kabla ya kujaza, usiandike tu "mzazi" ili mambo yaende.

Kuna zawadi?

Kama ipo iwe ndogo, na mtoto aipate hata akiacha katikati au akichagua chemshabongo. Zawadi inayotolewa kwa anayemaliza tu ni shinikizo.

Mwanangu atajaza kwa simu nyumbani, kuna tofauti?

Ipo. Kwanza programu nyingi za madodoso ya onlaini zinarekodi anwani ya intaneti ya kifaa kwa automatiki, mpaka mtu aende kwenye setingi azime. Fomu iseme imezimwa. Pili, kama kila mtoto katumiwa linki yake peke yake, basi linki yenyewe ni jina, inajulikana ni ya nani. Linki moja kwa wote haimtaji mtu lakini mtu yeyote anaweza kuijaza, hata kaka yake.

Tatu ni wewe mwenyewe. Chumba kikiwa na watu, mtoto anajibu akiangalia nyuma. Mpe simu, mpe dakika 35, kaa mbali na kioo, na akimaliza afunge ukurasa ili ukibonyeza kurudi nyuma majibu yasionekane.

Nimesaini, sasa nimebadili mawazo. Nimechelewa?

Kabla ya siku ya dodoso hujachelewa kabisa, ujumbe mfupi tu unatosha na huhitaji kutoa sababu. Siku yenyewe mtoto anaweza kuacha katikati. Baada ya hapo inategemea ile listi. Kwenye mfano wetu, mpaka listi inafutwa, yaani siku 30 baada ya raundi ya pili, unaweza kuomba majibu ya mwanao yatolewe na wanatakiwa kuyatafuta kwa namba yake na kuyafuta. Listi ikishafutwa hawana namna, majibu yapo lakini hakuna anayejua ni yapi, hata wakitaka kukusaidia. Kwa dodoso lisilo na namba kabisa, mlango huo unafungwa pale bahasha inapotumbukia kwenye sanduku, na fomu inapaswa kukuambia hivyo waziwazi.

Mtoto mwenyewe naye anaweza kuomba majibu yake yafutwe, hata kama wewe unataka yabaki. Na ukisaini raundi ya kwanza, miezi 6 baadaye wanatakiwa wamuulize mtoto upya. Mtoto wa miaka 12 anaingia 13, yaliyomtokea katikati huyajui yote, na ndiyo ya mwanzo haimbani. Wewe nawe utumiwe taarifa kabla ya raundi ya pili ukiwa na nafasi ya kusema basi inatosha.

Ukitaka kujitoa, tafuta chini ya fomu kuna namba mbili. Moja ni ya mtafiti, ya pili ni ya kamati ya maadili, na hiyo ya pili ipo kwa ajili ya siku ambayo mtafiti mwenyewe ndiye tatizo. Piga kwanza ya mtafiti, taja namba ya fomu na tarehe uliyosaini, omba wakujibu kwa maandishi kwamba majibu yametolewa na siku waliyoyatoa. Wasipojibu, piga ya pili. Kabla ya kusaini piga picha kurasa zote za fomu kwa simu yako, maana nakala ya mzazi huwa inasahaulika na bila hiyo utakuwa hujui hata tarehe ya mwisho uliyoahidiwa.